Masharti ya chama yasiyomwacha mtu nje, kwa lugha mbili

Msomaji mmoja wa Himo ameniomba nieleze nilivyorekebisha masharti ya chama chetu cha wakulima wa kahawa hapa Moshi, ambayo mkutano mkuu uliyapitisha bila kurudisha kifungu hata kimoja. Ombi hilo limenifurahisha kuliko anavyodhani, kwa kuwa katibu wa chama kingine aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba kazi hii ni kuharibu Kiswahili.

Nitaeleza kifungu kimoja tu, cha kifo cha mwanachama. Kiswahili kilisema: "Mwanachama akifariki, mkewe atarithi hisa zake." Kiingereza kilisema: "If a member dies, his wife shall inherit his shares." Katika Kiswahili, "zake" haibagui mtu, ubaguzi wote umo katika "mkewe", linalomchukulia kila mwanachama kuwa ni mume wa mtu. Mjumbe mmoja alipendekeza tuweke mkwaju, yaani "mkewe/mumewe" na "his/her wife/husband", lakini sentensi ya namna hiyo haisomeki kwa sauti mkutanoni bila msomaji kujikwaa.

Tulipojaribu "mwenza", akina mama walicheka, kwa sababu walisikia mke mwenza. "Mwenzi wa ndoa" likakubalika, ila Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya wake wengi, na kuandika kwa umoja kungemweka mjane mmojawapo nje. Hatimaye tuliandika: "Mwanachama akifariki, hisa zake zitahamia kwa mwenzi au wenzi wake wa ndoa walio hai." Kwa Kiingereza: "On a member's death, the member's shares pass to the surviving spouse or spouses." Kiingereza kilinyooka kwa kuondoa kiwakilishi na kurudia nomino, Kiswahili hakikuhitaji hila hiyo, na anayekilazimisha kuiga ndiye anayekiharibu.

"Vilema" nililiondoa bila mjadala, kwa kuwa Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 yenyewe inasema "watu wenye ulemavu".

Unapotafuta maneno haya kwenye Word, weka alama kwenye "Find whole words only" kwa Kiingereza, la sivyo "his" itakuletea kila "this". Kwa Kiswahili iondoe, maana "mke" hujificha ndani ya "mkewe". "Wake" halina dawa: wingi wa mke na kimilikishi huandikwa sawa, kwa hiyo soma kwa macho, kifungu kwa kifungu, wala usimwachie mpiga chapa.

Ukikuta kifungu kinachosema mtoto wa kiume ndiye atakayechukua nafasi ya marehemu, usikibadilishe kimyakimya ukikiita marekebisho ya lugha. Hiyo ni haki inayobadilika. Ipeleke mkutano mkuu kama ajenda inayojitegemea, kisha kwa Mrajis wa Vyama vya Ushirika ili isajiliwe.