Picha imefifishwa, mbona ukingo bado unaonekana?

Juzi msomaji anayetengeneza mabango pale River Road alinitumia kazi yake na swali moja. Bango ni la muuza sofa wa Ngong Road: upana pikseli 2000, urefu 800, rangi ya maruni nyuma. Picha ya sofa imekaa kushoto, na upande wake wa kulia ulipaswa kuyeyuka polepole ndani ya maruni ili maandishi yapate nafasi. Umeyeyuka, ndiyo, lakini pale picha inapoishia kuna mstari mwembamba uliosimama wima kama ukuta. Mteja ameuona, na mteja akishauona mstari haoni tena sofa.

Kosa hili nakutana nalo karibu kila wiki, na wengi hulitibu kwa kifutio laini. Acha kifutio. Kinakata pikseli zenyewe, na mteja akisema kesho "rudisha kidogo mkono wa sofa", huna cha kurudisha. Maski ya leya haikati kitu. Ni picha ya kijivu iliyobandikwa juu ya leya: palipo nyeupe picha inaonekana yote, palipo nyeusi haionekani kabisa, na kijivu huionyesha kwa kiasi. Ukikosea unaipaka upya, picha iko pale pale.

Nitatumia GIMP kwa sababu ni ya bure na ndiyo aliyotumia yeye. Picha yake inaanzia pikseli 0 na kuishia 1200. Sofa yenyewe inaishia kama 760, kwa hiyo ufifishaji uanzie 800, usije ukala kitambaa.

Bofya leya ya picha kwa kitufe cha kulia, chagua `Add Layer Mask` (matoleo mapya yameandika `Add Layer Masks`), kisha `White (full opacity)`. Kijipicha cheupe kitatokea kando ya kijipicha cha leya. Kibofye, na uhakikishe ndicho chenye fremu nyeupe ya kuonyesha kimechaguliwa. Ukiruka hapa, gradienti tutakayovuta, yaani mpito wa polepole kutoka nyeusi hadi nyeupe, itapakwa juu ya sofa lenyewe, na utaona limefunikwa kabisa. Likitokea hilo, `Ctrl+Z`, bofya maski, anza tena.

Sasa bonyeza `D` ili rangi ya mbele iwe nyeusi na ya nyuma iwe nyeupe, halafu `G` kuchukua kifaa cha gradienti. Kwenye mipangilio yake chagua `FG to BG (RGB)`, umbo `Linear`, na kwenye `Repeat` acha `None (extend)`. Shikilia `Ctrl` ili mstari usiende mshazari, vuta kutoka 1180 kurudi 800, kisha `Enter`. Kama mkono hautulii, kabla ya `Enter` bofya ncha ya mstari uandike namba ya X kwenye kijidirisha kinachotokea.

Umeona nimeanzia 1180 na si 1200? Hapo ndipo ugonjwa wa bango lile ulipo. Msomaji wetu alivuta kati ya 800 na 1300, akavuka ukingo wa picha, kwa imani kwamba mvuto mrefu huleta ulaini zaidi. Piga hesabu. Safari yote ni pikseli 500, na picha inakatika baada ya 400. Maana yake gradienti imefika asilimia 80 tu ya njia yake. Pale ukingoni maski bado si nyeusi, ni kijivu cha 51 kati ya 255, na picha bado inaonekana kwa asilimia 20. Kisha ghafla hakuna picha. Jicho halisumbuliwi na asilimia 20, linasumbuliwa na kule kuruka kutoka 20 hadi sifuri kwa hatua moja. Nyeusi kamili ni lazima ifikiwe ndani ya picha, na hizo pikseli 20 zinazobaki ni akiba yako.

Ukitaka kuhakikisha, usitegemee maruni, rangi nzito huficha makosa. Shikilia `Alt` ubofye kijipicha cha maski ili uione peke yake, kisha kagua ukingo wa kulia kwa kifaa cha kuchukua rangi. Ikisoma chochote zaidi ya 0, mstari utatokea, kama si kwenye skrini basi kwenye karatasi. Njia ya haraka ni kuweka chini ya picha leya ya muda ya kijani kali. Hakuna ukingo mbovu unaojificha hapo.

Kuna mstari mwingine unaofanana na huu lakini una chanzo tofauti. Ukiona ukanda mwembamba ambao picha inaonekana kikamilifu mwishoni kabisa, baada ya kuwa imeshafifia, `Repeat` imewekwa `Truncate`. Gradienti ilisimama 1180 na zile pikseli 20 hazikuguswa, zimebaki nyeupe kwenye maski.

Na ukitaka ukingo wa chini nao ufifie? Ukirudia `FG to BG (RGB)`, gradienti ya pili itaifuta ya kwanza yote, na watu hudhani programu imeharibika. Badili iwe `FG to Transparent`, rangi ya mbele ikiwa bado nyeusi, halafu vuta kutoka 785 kwenda juu hadi 650. Hii huongeza nyeusi tu na kuacha kazi ya kwanza ilivyo. Kwa kweli ningekuwa nafundisha kijana wa kazi, ningempa hii tangu mwanzo.

Wakati mwingine hakuna mstari ukingoni, ila pale ufifishaji unapoanzia, kwenye 800, panaonekana kama pamekunjwa. Maski ikiwa bado imechaguliwa, fungua `Colors`, kisha `Curves`, ushushe kidogo robo ya chini ya mstari na upandishe kidogo robo ya juu, upate umbo la S lililolala. Pembe mbili usiziguse, nyeusi ibaki nyeusi. Wengine hutumia `Gaussian Blur`, lakini ukungu huo husambaza kijivu hadi kwenye akiba yako ya pikseli 20, na mstari ule ule hurudi.

Kutoa faili. Ukipanga bango lote ndani ya GIMP, maruni ikiwa leya ya chini, JPEG inatosha. Lakini kama picha iliyofifishwa inakwenda peke yake kwa mtu mwingine, itoe kwa `Export As` ikiwa PNG, na ubaki na XCF yako, faili la GIMP lenyewe, yenye maski. JPEG haijui uwazi, itajaza rangi, kwa kawaida nyeupe, na sofa litakuja na ukungu mweupe juu ya maruni. GIF nayo hujua wazi au si wazi tu, hakuna katikati. Na tafadhali, PNG hiyo usiitume WhatsApp kama picha, kwa kuwa itageuzwa JPEG njiani na fundi wa mashine ataonekana mbaya bure. Itume kama hati.

Bango la Ngong Road lilihitaji kurekebishwa ncha moja tu, kutoka 1300 hadi 1180.