Mifuko 40 ya saruji: kujibu swali la hesabu ya stoo kwenye mtihani wa ukaguzi

Ninyi mnaoanza kusomea ukaguzi, iwe mnakwenda NBAA au KASNEB, swali la hesabu ya stoo ya mwisho wa mwaka mtalikuta tu. Kwa miaka kadhaa nimesahihisha majibu ya mazoezi ya vijana wa ofisini kwetu, na alama nyingi huwatoka mahali pamoja: tofauti ikishapatikana wanaandika "mkaguzi atauliza uongozi na kurekebisha", kisha wanahamia swali linalofuata. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kwanza mjue nani anafanya nini. Anayehesabu ni mteja, yaani kampuni inayokaguliwa. Mkaguzi, kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ukaguzi ISA 501, akiona bidhaa ni kiasi kikubwa kwenye hesabu, anahudhuria kufanya mambo manne: kupima maelekezo ambayo uongozi umewapa wahesabuji, kuona kama yanafuatwa, kukagua bidhaa zenyewe kwa macho, na kuhesabu upya baadhi yake. Ukiandika "mkaguzi atahesabu stoo yote" umemfanya mkaguzi mfanyakazi wa mteja.

Kuhesabu upya kuna mwelekeo, na mwelekeo ndio unaoamua ni dai gani la uongozi kuhusu bidhaa unalipima. Ukichukua mstari kwenye karatasi ya kuhesabia ukaufuata hadi sakafuni, unapima uwepo: je, kilichoandikwa kipo kweli? Ukianza na mzigo uliopo sakafuni ukautafuta kwenye karatasi, unapima ukamilifu: je, kilichopo kimeandikwa? Mtahini akisema uongozi una sababu ya kuongeza faida, mkazo uwe kwenye uwepo. Hata hivyo taja pande zote mbili, na kila moja iambatane na dai lake.

Sasa niwape kisa kimoja nilichokiona mwenyewe, tarakimu nimezirahisisha. Ghala la vifaa vya ujenzi, mwaka unafungwa tarehe 31 Desemba, na hesabu inafanyika siku hiyohiyo asubuhi. Saruji imepangwa juu ya mapaleti, kila paleti mifuko 40. Karatasi inasema mifuko 1,240. Tulizunguka na mtunza stoo tukahesabu mapaleti 30, yote yamejaa, yaani mifuko 1,200. Tukarudia, jibu likawa lilelile.

Cha kwanza tulichokitazama ni karatasi yenyewe. Idadi ya kwenye kompyuta ilikuwa imeshachapwa pembeni, na wahesabuji walikuwa wakiweka alama ya vema tu. Huo ni udhaifu mkubwa wa maelekezo na mtahini huuficha ndani ya maelezo ya swali. Mtu aliyeoneshwa jibu hahesabu, anakubali. Karatasi iwe na jina la bidhaa na mahali ilipo, nafasi ya idadi iachwe wazi, na wahesabu wawili wawili, mmoja wao asiwe mtunza stoo.

Cha pili, msimamizi wa hesabu aliitwa palepale, akahesabu nasi, akasahihisha karatasi kuwa 1,200 na kuweka saini. Kesho yake mzigo ungeshatoka na kuingia, na hakuna ambaye angeweza kuthibitisha lolote.

Cha tatu ni sababu, na hapa nawaomba mtulie. Mifuko ni ileile 40, lakini kila sababu ina hesabu yake. Tuseme gharama ya mfuko ni shilingi 15,000 na bei ya kuuzia 17,500. VAT tuiache kando. Kama mifuko iliibiwa au iliharibika, stoo inapungua kwa 600,000 na kiasi hicho kinakuwa hasara ya mwaka. Kama ilihamishiwa tawi jingine bila kuandikwa, hakuna hasara. Kazi yako ni kuhakikisha tawi lile limeihesabu, na kwamba imehesabiwa mara moja tu.

Kisa chetu hakikuwa kimojawapo cha hivyo. Kabla hesabu haijaanza tulikuwa tumeandika namba ya dilivari noti ya mwisho na ya hati ya mwisho ya kupokelea mzigo. Tulipozifuata nyuma tukakuta dilivari noti ya tarehe 30 Desemba ya mifuko 40, mnunuzi amesaini kupokea, lakini ankara yake iliingizwa kwenye vitabu tarehe 2 Januari. Hili ni kosa la mpaka wa kipindi. Ukipunguza stoo peke yake, faida inashuka kwa 600,000, ilhali biashara ilipata faida ya 100,000 kwenye mauzo hayo. Lazima uongeze pia mauzo na wadaiwa kwa 700,000 katika mwaka uliofungwa. Mtahiniwa anayesema "stoo ipunguzwe" amejibu nusu ya swali.

Kisha jiulize kosa hili linasema nini kuhusu yale ambayo hukuyahesabu. Timu iliyoweka vema kwenye saruji ndiyo iliyohesabu misumari na mabati. Jibu bora ni kuomba eneo lao lote lihesabiwe upya siku hiyohiyo. Isipowezekana, unaongeza sampuli na kukadiria kosa kwa kundi zima, kama ISA 530 inavyotaka. Sampuli ya thamani ya milioni 30 ikiwa na kosa la 600,000, hiyo ni asilimia 2. Kundi la milioni 300 linaashiria kosa la milioni 6. Mteja akishasahihisha zile 600,000, makadirio ya milioni 5.4 bado yapo mezani. Unayaweka pamoja na makosa mengine chini ya ISA 450, unayalinganisha na kiwango cha umuhimu, na unauomba uongozi uchunguze kundi hilo. Msikimbilie kusema kosa ni la bahati mbaya na halijirudii. Kusema hivyo kunadai ushahidi mzito.

Upande wa sakafuni kwenda kwenye karatasi tulikuta ndoo 12 za rangi chini ya ngazi, hazimo popote. Mtunza stoo akasema ni za mnunuzi aliyelipa na hajachukua. Hapo dai limehama kutoka ukamilifu kwenda haki ya umiliki, na neno la mtunza stoo halitoshi. Tuliomba ankara na stakabadhi ya malipo, na tukaagiza ndoo zitengwe.

Kuhusu thamani, kuhudhuria kunakupa nusu tu ya ushahidi. Ukibonyeza mfuko ukaukuta umeganda, umepata ishara kwamba huenda hautauzika kwa gharama yake. Uandike idadi na mahali ulipo. Bei yenyewe utaipima baadaye, kwa ankara za manunuzi na mauzo ya baada ya mwaka.

Kabla ya kutoka ghalani chukua namba za karatasi zote, zilizotumika na zilizobaki tupu, na nakala ya zile zilizosahihishwa. Orodha ya mwisho huchapwa siku kadhaa baadaye, mara nyingi kutoka kwenye kompyuta ileile iliyokuwa na kosa. Ikija mezani kwako, tafuta mstari wa saruji uone kama unasoma 1,200 au umerudi kuwa 1,240.