Kabla ya kununua vidonge vya kucha, vua viatu

Wiki hii msomaji mmoja amenitumia picha ya mkono wake na swali fupi: "Dada, ninunue vidonge gani vya kucha?" Kazi yake ni kufua nguo za watu. Ncha za kucha zinamenyeka matabaka kama chapati ya kusukuma. Nikamwambia avue viatu, anitumie na picha ya miguu.

Mimi ni mpishi wa shughuli. Mikono yangu inaingia majini na kutoka tangu alfajiri: kuosha mchele, kuku, masufuria. Kuna kipindi kucha zilikuwa zinanasa kwenye kitenge kila nikijifunga. Dada mmoja wa saluni alizitazama mbele za watu akasema, "Wewe huli mboga." Mimi ninayepika mchicha wa harusi nzima! Kauli ile inaniuma mpaka leo, na wala haikuwa kweli, maana kucha zangu za miguu zilikuwa nzima, ngumu. Damu inayolisha vidole vya mikono ndiyo hiyo hiyo inayolisha vya miguu. Za mikono zikipasuka na za miguu ziko salama, anza kushuku maji, sabuni na dawa ya kutoa rangi.

Ukucha ukilowa unavimba, ukikauka unanywea. Ukifanya hivyo kutwa nzima, matabaka yake yanaachana kuanzia nchani. Sabuni ya unga na jiki zinazidisha kwa kuondoa mafuta ya asili.

Kwa hiyo nilinunua glavu za mpira, na ndani yake navaa nyembamba za pamba, kwa sababu jasho nalo ni maji. Glavu ikitoboka itupe. Kushinda na maji yaliyonaswa ndani ni vibaya kuliko mikono mitupu. Nikimaliza kazi najifuta, na kucha zikiwa bado na unyevu kidogo nazipaka mafuta ya mgando, kuanzia shinani hadi chini ya ncha. Nazikata fupi baada ya kuoga zikiwa laini, kisha zikishakauka nazipitisha tupa laini kwa kuelekea upande mmoja. Rangi napaka mara chache, na dawa ya kuitoa nachagua isiyo na asetoni.

Miezi iliyofuata haina hadithi, ni mafuta na glavu tu. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo kutoka shinani hadi nchani ni kama miezi 6. Palipopasuka hapaungi, unasubiri pafike mbele upakate. Wanaoacha baada ya wiki mbili ndio hao wanaosema mafuta hayasaidii. Juzi kwenye sendofu bibi mmoja alinishika mkono akaniuliza kama nimebandika. Nilimwacha azikague zote.

Mdogo wangu yeye habari yake ilikuwa nyingine. Kucha zake zilikuwa dhaifu mikononi na miguuni, na za mikono zilibonyea katikati kiasi kwamba tone la maji likiwekwa juu linatulia bila kumwagika. Akipanda ngazi anahema, hedhi yake nzito, na kwenye pochi hakosi udongo wa kula. Hapo hata usizungumzie glavu. Alipimwa wingi wa damu pamoja na feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, kwa sababu akiba inaweza kuisha wakati wingi wa damu bado unaonekana mzuri. Akapewa vidonge vya chuma, akatibiwa hiyo hedhi, na chai akaihamisha mbali na mlo, kwani chai inazuia chuma cha kwenye mboga na maharage kisifyonzwe. Chungwa au ndimu hukisaidia. Wengine kinachowanyonya damu ni minyoo ya safura. Ndiyo maana nasema, na nitarudia: pimeni kwanza! Chuma si cha kujinywea, kuna wenye magonjwa ya damu ambao kikizidi kinawadhuru, na vidonge vyake ni sumu kwa mtoto mdogo akivibugia.

Mistari ya kusimama, kutoka shinani kwenda nchani, huja na umri, iacheni. Ya kulala, tena kwenye vidole vingi kwa pamoja, mara nyingi hufuata homa kali au ugonjwa mzito, nayo husogea mbele mpaka ikakatwa.

Msomaji wangu, miguu yako nimeiona, kucha ziko sawa, kwa hiyo pesa ya vidonge nunua glavu. Vingi vya vidonge hivyo vina biotini, ambayo ushahidi wake ni mdogo na inaweza kuvuruga majibu ya vipimo vya tezi na vya moyo. Ukiwa unavinywa, mwambie daktari kabla hujatolewa damu. Na ukiona ukucha mmoja tu unanenepa na kugeuka njano, au una mstari mweusi unaopanuka, nenda hospitali.