Kutoka "Msongo kwa Vijana" Hadi Pendekezo la Utafiti Linalotekelezeka

Binti mmoja wa sekondari ya juu aliniletea karatasi yenye mstari mmoja juu: "Msongo wa mawazo kwa vijana: sababu, athari na suluhisho." Chini yake kulikuwa na maswali 58 ya dodoso. Alikuwa na wiki 10 za kumaliza mradi wake. Niliyasoma maswali yote, na mengi yalikuwa ya mtu aliyewaangalia wenzake kwa makini. Shida ni kwamba kila swali lilikwenda upande wake. Hata angepata majibu yote 58 kutoka kwa kila mwanafunzi, asingejua aanze kuhesabu nini.

Nilimwelewa, kwa sababu utafiti wangu wa kwanza niliuanza vivyo hivyo. Niligawa madodoso, yakarudi, nikakaa na rundo la karatasi ambazo hazikuwa zinajibu swali lolote. Tangu hapo, kila anayeniletea mada ya msongo namwuliza jambo moja kabla hatujagusa dodoso: unaposema msongo, unataka kupima nini hasa?

"Msongo wenyewe, mwalimu," alisema.

"Sawa, mwanangu. Lakini nioneshe utaupima wapi."

Neno hili moja hubeba mambo matatu. Kuna mambo yanayomlemea mtu, kama mitihani, ugomvi nyumbani au madeni ya wazazi. Kuna jinsi anavyojihisi: kwamba mambo yamemzidi na hana uwezo wa kuyadhibiti. Halafu kuna yanayofuata, kama maumivu ya kichwa, hasira za haraka au kushuka kwa alama. Dodoso lake lilichanganya yote matatu, mara nyingi ndani ya swali moja: "Je, mitihani hukupa msongo unaokufanya uumwe kichwa?" Anayejibu "hapana" amekataa nini? Mitihani, msongo, au kichwa?

Tulichagua hilo la katikati, yaani jinsi mtu anavyojihisi, kwa sababu lina kipimo ambacho watu wamekitumia kwa miaka mingi. Sheldon Cohen na wenzake walikichapisha mwaka 1983 kikiwa na vipengele 14, na toleo linalotumika sana leo lina 10 tu. Ukilitafuta, andika PSS-10, kifupi cha Perceived Stress Scale. Kila kipengele kinauliza ni mara ngapi katika mwezi uliopita mtu alijihisi namna fulani, na majibu yanaanzia 0, kamwe, hadi 4, mara nyingi sana. Jumla inakwenda kutoka 0 hadi 40. Kipimo hiki si cha kutambua ugonjwa, na pendekezo liseme hivyo waziwazi. Kinaonyesha tu nani anahisi kulemewa zaidi kuliko mwenzake.

Kuna sehemu mbili zinazowaangusha wengi hapa. Ya kwanza ni tafsiri kutoka Kiingereza. Kipengele kimoja kinauliza kama mtu aliona mambo yanakwenda kama anavyotaka. Mwanafunzi wangu alikitafsiri neno kwa neno, ikawa "mambo yanakwenda njia yako", na hakuna kijana anayesema hivyo. Tukaandika "uliona mambo yanakunyookea". Baadaye mtu mwingine ambaye hakuwa ameona maneno ya asili aliirudisha tafsiri yetu katika lugha ya awali, tukalinganisha. Palipotofautiana, tulirekebisha.

Ya pili ni kwamba vipengele vinne, cha 4, 5, 7 na 8, vimegeuzwa: hapo alama kubwa ni dalili ya kuwa mtu yuko salama. Kabla ya kujumlisha, jibu la kila kimoja hutolewa kwenye 4, ili 3 iwe 1 na 4 iwe 0. Ukisahau, jumla zote zitajikusanya katikati na wanafunzi wote wataonekana wamelingana. Vipengele hivyo pia vinakufichulia aliyejibu bila kusoma. Mtu aliyeweka 4 kwenye "mambo yalikuzidi" na 4 kwenye "mambo yalikunyookea", na safu yake yote ni 4 kuanzia juu hadi chini, alikuwa anatia alama tu. Andika kabla, ndani ya pendekezo, kwamba dodoso la namna hiyo litawekwa kando. Ukiamua baada ya kuona majibu, utajikuta unachagua yanayokufurahisha.

Upande mmoja ukawa umetulia. Upande wa pili, yaani jambo la kulinganisha na msongo, alitaka "athari za mitandao ya kijamii". Nilimwomba ajaribu mwenyewe kwanza: jana ulikaa mtandaoni saa ngapi kwa jumla? Alinyamaza kidogo, akasema kati ya moja na tano. Kama mtafiti mwenyewe hawezi kukumbuka, wenzake wataandika chochote. Tukatafuta jambo ambalo mtu analijua kwa hakika zaidi na haoni aibu kulisema, tukafikia usingizi wa siku za shule.

Neno "athari" nalo lilibidi litoke. Dodoso linalojazwa siku moja linaweza kuonyesha kwamba wanaolala kidogo ndio wenye msongo mwingi. Haliwezi kuonyesha kipi kimetangulia. Huenda usingizi mfupi unaleta msongo, huenda msongo ndio unaokatiza usingizi, na huenda rundo la kazi za shule linaleta vyote viwili. Neno sahihi ni "uhusiano". Ukiona "athari", "husababisha" au "mchango" kwenye kichwa cha utafiti wa dodoso moja, mwandishi ameahidi asichoweza kutoa.

Swali lake la usingizi lilikuwa fupi: "Unalala saa ngapi?" Nilimwachia makusudi, tukalijaribu kwa wanafunzi 12 wa mkondo ambao hautakuwa kwenye sampuli. Majibu yalirudi hivi: "6", "saa 5", "10", "nne na nusu". Tulikaa nayo mezani tukiyageuzageuza. Huyu wa "6" analala kwa muda wa saa sita, au anapanda kitandani saa sita usiku? Na "10" ni saa kumi alfajiri, au ni mtu aliyezoea kusoma saa kwenye simu, maana yake saa nne usiku? Kwa Kiswahili swali hilo lina maana mbili, muda na wakati, na wakati nao una namna mbili za kusomwa, kwa hiyo jibu moja linaweza kusomwa kwa njia tatu. Wala huwezi kumrudia mhojiwa kumwuliza, kwa kuwa hakuandika jina.

Tukaligawa. "Usiku wa kuamkia siku ya shule, kwa kawaida unazima taa ulale wakati gani?" Kisha: "Unaamka wakati gani?" Badala ya kuacha nafasi wazi, tuliweka orodha ya nyakati za kutia alama, kila baada ya nusu saa, kila wakati umeandikwa kwa namna zote mbili: saa 4:30 usiku, yaani 22:30 kwenye simu. Muda wa kulala tunaukokotoa sisi. Ukitoa moja kwa moja 22:30 kutoka 05:00 utapata namba hasi, maana usiku umevuka saa sita. Kwenye lahajedwali, kama kulala kuko safu B na kuamka safu C, fomula hii inatatua:

```
=MOD(C2-B2,1)*24
```

Hapo itatoa 6.5. Katika majaribio hayo hayo tuliwaomba wanafunzi wawili wasome kila swali kwa sauti na kueleza wameelewa nini. Ilichukua kama nusu saa, na ndiyo nusu saa iliyotusaidia kuliko yote.

Kuhusu idadi ya watu, madarasa mawili ya juu yalikuwa na wanafunzi 240. Alikuwa amechukua ile fomula ya Yamane inayoonekana karibu katika kila pendekezo, N, yaani wanafunzi wote, gawa kwa jumla ya 1 na N mara 0.05 kipeo cha pili, akapata 150. Hesabu ni sahihi, ila fomula hiyo imeundwa kwa anayekadiria asilimia, kwa mfano asilimia ngapi wanalala chini ya saa saba. Swali letu ni uhusiano wa vitu viwili. Kwa hilo, watu wapatao 85 wanatosha kukupa nafasi ya asilimia 80 ya kuugundua uhusiano wa kadiri, yaani wa 0.3 kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili, kama kweli upo. Ukiwa dhaifu kuliko huo unaweza kukupita, na pendekezo liseme hivyo. Tulipanga kuwafikia 130, kwa sababu si kila fomu ya mzazi hurudi. Darasa la chini lilikuwa na 144 na la juu 96, basi tukachukua 78 na 52 kwa bahati nasibu kutoka kwenye orodha za mahudhurio, ili uwiano ubaki uleule. Kuwapa dodoso marafiki walioko karibu ni rahisi zaidi, lakini marafiki hulala na kuamka kwa kufanana.

Tarehe nayo ina uzito. Kipimo kinauliza mwezi uliopita, kwa hiyo dodoso likigawiwa wiki moja baada ya mitihani litakuwa limepima mitihani. Tulichagua wiki ya sita ya muhula, na sababu tukaiandika.

Sehemu niliyoisisitiza kuliko zote ni ulinzi wa wahojiwa. Walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi iliyoandikwa, pamoja na kukubali kwao wenyewe, na mwanafunzi anaweza kukataa hata kama mzazi amesaini. Tuliondoa tarehe ya kuzaliwa na jina la mkondo, maana katika darasa dogo umri, jinsia na mkondo vinatosha kumtambulisha mtu. Karatasi inaingia kwenye bahasha anayoifunga mwenyewe, na mwalimu wa darasa hapiti katikati ya madawati.

Katika maswali yale 58, matatu yaliuliza kuhusu kujidhuru. Aliyaweka kwa huruma, akitaka wanaoumia waonekane. Nilimwuliza: "Mtu akijibu ndiyo, bila jina, utamfikiaje?" Alikaa kimya muda mrefu, kisha akayakata mwenyewe kwa kalamu. Sikukubali yaishie hapo, kwa kuwa huruma yake ilikuwa ya kweli. Tulizungumza na mshauri nasaha wa shule, akaridhia kuwapo siku hiyo na wiki inayofuata, na tukatengeneza kikaratasi kidogo chenye chumba chake, saa zake na namna ya kumfikia bila kupitia kwa mwalimu. Kila mwanafunzi angepewa, ili anayekihitaji asionekane yeye peke yake amekichukua.

Pendekezo alilowasilisha lilikuwa na kurasa sita na maswali 14: vipengele 10 vya msongo, viwili vya usingizi, darasa na jinsia. Kichwa chake kilisomeka: "Uhusiano kati ya muda wa kulala siku za shule na msongo unaohisiwa miongoni mwa wanafunzi wa madarasa mawili ya sekondari ya juu." Yale maswali mengine aliyanakili kwenye daftari, akaniambia lile la madeni ya wazazi atalirudia akiwa na muda zaidi.