Teke likizuiwa: angalia namba yake kwanza

"Katika mchezo wa video wa mapigano wa Tekken, teke langu likizuiwa, mhusika mmoja ananiadhibu kwa pigo la kujibu kila mara, mwingine hawezi. Fremu zinahusikaje?"

Habari ndugu. Katika Tekken, sekunde moja ina fremu 60, yaani picha 60 zinazofuatana, na kila pigo hupimwa kwa fremu hizo. Fremu za kuanza hupita kabla pigo halijaweza kugusa, za kugonga ni pale linapogusa, na za kurudi ni pale mguu unaposhuka nawe huwezi hata kujikinga. Mimi huangalia kwanza namba ya pigo lililozuiwa. Ikiwa ni -12, mpinzani anakuwa huru fremu 12 kabla yako: mwenye pigo zito linaloanza kwa fremu 12 atakupata, ilhali ambaye lake zito linaanza kwa 13 atabaki na ngumi nyepesi ya fremu 10. Pima pia umbali, kwani teke likigusa kwa ncha, ngumi fupi huenda isikufikie.