Alichokula na alichosema amekula

Makala ya utafiti inasema wanawake walioulizwa wanakula nini walikula wastani wa kilokalori 1,480 kwa siku. Niamini?

Piga hesabu kwanza, ni ya dakika mbili. Tazama jedwali la sifa za washiriki utafute uzito. Tuseme wastani ni kilo 68, umri miaka 30 hadi 60. Kwa fomula ya Schofield, mwili uliopumzika tu unatumia 8.126 × 68 + 845.6, yaani takriban kilokalori 1,398. Gawa 1,480 kwa 1,398, unapata 1.06. Hicho ni chini hata ya kiwango cha mtu anayeshinda kitandani. Mwenye shughuli nyepesi za kila siku hukadiriwa mara 1.55, ambayo hapa ni kama 2,170. Basi kama uzito wao hauteremki, kuna kilokalori 690 hivi zilizoliwa zisitajwe. Wakiwa wanapungua uzito, hesabu hii haifai.

Lakini waliulizwa watu 20,000. Makosa si yanafutana?

Yanafutana yale ya kubahatisha, huyu akizidisha na yule akipunguza. Wote wakielemea upande mmoja, wingi wao unakupa jibu lisilo sahihi, ila kwa uhakika mkubwa zaidi. Utafiti wa OPEN, uliofanyika Maryland, Marekani, mwaka 1999 hadi 2000, uliwanywesha washiriki maji yenye isotopu, yaani atomu nzito kuliko za kawaida, za haidrojeni na oksijeni, ambazo tofauti ya kasi ya kupungua kwake, ikipimwa kwenye mkojo, huonyesha nishati iliyotumika. Kwenye dodoso la marudio ya vyakula, linalouliza kila chakula huliwa mara ngapi, wanawake walitaja nishati pungufu kwa asilimia 34 hadi 38. Kwenye mahojiano ya saa 24, yanayouliza mtu alikula nini siku iliyopita, asilimia 16 hadi 20. Protini, iliyopimwa kwa naitrojeni ya mkojo, haikupunguzwa kiasi hicho. Kwa hiyo watu hawakati kila kitu sawasawa, na uwiano wa virutubisho nao unapinda.

Wagonjwa na wazima wameulizwa walikula nini miaka 10 iliyopita. Kuna ubaya?

Upo, na ni wa aina yake. Aliyeambiwa ana saratani hurudi nyuma kutafuta sababu, na lawama za mafuta ameshazisikia. Mzima anajibu ili amalize. Zipe uzito zaidi tafiti zilizouliza chakula kabla ya ugonjwa kujulikana.

Kundi lililofundishwa kupunguza chumvi limeripoti kupunguza. Somo limefaulu?

Huenda wamejifunza jibu tu. Kundi la kulinganisha halikuambiwa lipi linapendeza, kwa hiyo kosa liko upande mmoja, na tofauti inaweza kuonekana hata kama sahani hazijabadilika. Tafuta sodiamu ya mkojo wa saa 24, kwani sehemu kubwa ya sodiamu tunayokula hutoka kwa njia hiyo. Ripoti ikishuka na mkojo usishuke, shika mkojo. Ila hakikisha waandishi wameeleza walivyojua kwamba mkojo wote ulikusanywa, maana anayeruka choo kimoja naye ataonekana amepunguza chumvi.