Safari ya kilomita 1,280: ni lita 160 au lita 102?

*"Wakuu, naenda kilomita 640 halafu narudi. Dashibodi inaonyesha ulaji 8.0, na lita moja ni 3,000. Nimegawa 1,280 kwa 8 nikapata lita 160, yaani 480,000. Mbona nyingi hivi kwa gari dogo? Nimekosea wapi?"*

Mkuu, tazama herufi ndogo zilizo pembeni ya hiyo 8.0. Kama ni L/100km, hukutakiwa kugawa. Namba hiyo inasema gari linakula lita 8 kwa kila kilomita 100. Safari yako ina mia 12.8 za kilomita, basi zidisha 12.8 kwa 8 upate lita 102.4. Kwa bei yako ni 307,200. Kugawa ni sahihi pale tu namba inapokuwa km/L, yaani kilomita kwa kila lita, kama yanavyoonyesha magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani.

Kama herufi hazipo au zimefutika, weka dashibodi kwenye ulaji wa papo hapo, halafu kanyaga mafuta ukiwa unapanda kilima. Namba ikipanda, ni L/100km, kwa sababu lita zinazotumika zimeongezeka. Ikishuka, ni km/L. Hakuna haja ya kutafuta kitabu cha gari.

Kosa hili lina tabia mbaya ya kujificha kwa magari yanayokaribia 10, kwa kuwa 10 L/100km na 10 km/L ni kitu kilekile. Chukua gari la 9.8 L/100km kwa safari yako hiyohiyo: ukizidisha unapata lita 125, ukigawa unapata 131. Nani atashtuka? Wewe umeshtuka kwa sababu 8 iko mbali kidogo na 10, na umeangukia upande wa kubeba pesa nyingi kuliko inavyotakiwa. Mwenye gari kubwa la 14 L/100km akigawa anapata lita 91, wakati atahitaji 179. Huyo anaishiwa pesa mara tu anapoanza kurudi.

Sasa, hata hiyo 307,200 nisingeibebea safari. Kuzidisha si kazi. Kazi ni kujua kama 8.0 yenyewe ni ya kweli. Kompyuta ya gari inakadiria mafuta kutokana na muda ambao sindano za injini zinafunguka, na mara nyingi makadirio hayo yako chini ya mafuta unayolipia. Pia inawezekana 8.0 ni wastani wa tangu mara ya mwisho mtu alipobonyeza kitufe cha kuanza upya, pengine mizunguko ya wiki nzima mjini.

Pima mwenyewe kwa kujaza tenki mara mbili. Jaza mpaka pampu ijikate yenyewe, usiongeze hata tone. Rudisha kihesabu safari kwenye sifuri. Endesha kama kawaida hadi zaidi ya nusu ya tenki iishe, kisha jaza tena mpaka pampu ijikate, ikiwezekana kwenye pampu ileile, gari likiwa limesimama pale pale. Lita za kujaza mara ya pili ndizo ulizotumia. Tuseme kihesabu kinasoma kilomita 412 na pampu imeweka lita 36.7: gawa 36.7 kwa 412, zidisha kwa 100, unapata 8.9.

Kwa nini nasisitiza zaidi ya nusu ya tenki? Kwa sababu pampu haijikati mahali palepale kila mara. Inaweza kupishana kwa lita moja. Ukipima kwa lita 10, lita hiyo moja ni kosa la asilimia 10. Kwa lita 36 ni chini ya asilimia 3. Ndiyo maana watu wanaopima kwa kujaza lita tano tano hupata majibu ya ajabu, leo gari linakula 6, kesho 11, wakadhani injini ina ugonjwa.

Kwa 8.9 safari yako inakuwa lita 113.9, yaani takriban 341,800. Pengo la 34,000 na ushei limetoka kwenye namba moja tu ya dashibodi.

Kuna mtego mwingine kwa safari ya kwenda na kurudi, nao unawapata zaidi wanaotumia km/L. Tuseme kwenda ni kupanda na gari limebeba mzigo, linapata kilomita 9 kwa lita. Kurudi ni kushuka na gari ni jepesi, linapata 14. Wengi watachukua wastani, 11.5, wagawe 1,280, wapate lita 111.3. Lakini hesabu kila upande peke yake: 640 gawa kwa 9 ni lita 71.1, na 640 gawa kwa 14 ni 45.7. Jumla ni 116.8. Hesabu ya wastani imepunguza lita 5 na nusu, na siku zote itapunguza, haizidishi, kwa kuwa upande unaokula sana ndio unaochukua lita nyingi zaidi. Dawa ni kujumlisha lita, kamwe usitafute wastani wa km/L. Kwa L/100km wastani unakubali, mradi umbali wa pande zote mbili ni sawa.

Juu ya lita hizo ongeza asilimia 10. Sisemi hivyo kwa kubahatisha. Umbali hauhesabu muda ambao gari linaunguruma likiwa limesimama, na injini ya gari dogo inakula kama lita 0.6 hadi 1 kwa saa ikiwa haiendi popote, zaidi kiyoyozi kikiwa kinafanya kazi. Mzigo juu ya keria na mwendo mkali huongeza nguvu inayohitajika kusukuma hewa, na hapo 8.9 inapanda bila wewe kugusa kitu. Kwako ni lita 125, takriban 376,000. Kama unajua utatembea taratibu, bila mzigo juu, asilimia 5 inatosha. Bei ikitofautiana njiani, zidisha lita utakazonunua kila sehemu kwa bei ya pale pale. Wastani wa bei utakudanganya kama nyingi utanunua kwenye bei ya juu.

Halafu usisubiri mwisho wa safari ndipo ujue kama hesabu imekubali. Ondoka na tenki iliyojaa, na kituo cha kwanza jaza tena mpaka pampu ijikate. Kwa 8.9, baada ya kilomita 300 pampu inatakiwa iweke karibu lita 26.7. Ikiweka 30, safari hii unakula 10, na kilomita 980 zilizobaki zitahitaji lita 98 badala ya 87. Kwa bei yako hizo ni 33,000 zaidi, na bado una nafasi ya kupunguza mwendo au kushusha mzigo wa juu kabla hazijatoka mfukoni.